Ukianzishiwa Dawa ya Sonona: Vidokezo kwa Msomaji wa Goweko

Tuseme ni mama mkulima wa tumbaku hapa Goweko. Miezi mitatu halali vizuri, hana hamu ya kula, shamba halimvutii tena, na vipimo vya malaria havionyeshi kitu. Amepanda treni hadi Tabora mjini, daktari amemwambia ana sonona na kumwandikia amitriptilini, vidonge vya miligramu 25, kimoja kila usiku. Kama nawe umerudi na pakiti ya namna hiyo, soma haya kwanza.

1. Usiipime dawa kwa wiki ya kwanza. Panadoli huituliza homa ndani ya saa moja, lakini dawa ya sonona haifanyi kazi hivyo. Kemikali za ubongo huanza kubadilika mapema, ila ubongo wenyewe huchukua muda kujipanga upya. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na nguvu kamili huweza kuchukua wiki sita au zaidi. Tena miligramu 25 ni dozi ya kuanzia tu. Daktari huipandisha kidogo kidogo, mara nyingi hadi 75 au zaidi, kwa hiyo tarehe ya kurudi kliniki usiikose. Mara nyingi usingizi na hamu ya kula hutangulia, moyo kuchangamka hufuata. Wanaoishi nawe wanaweza kuiona tofauti kabla yako, basi waulize.

2. Maudhi hutangulia faida. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu mdomo hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu kidogo, na asubuhi unaamka mzito. Mengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Kunywa maji mara kwa mara, ongeza mboga za majani na maembe yakiwa msimu. Kidonge kimeze mapema jioni ikiwa asubuhi unashindwa kuamka. Ukitoka kitandani, kaa kwanza ukingoni, kisha simama taratibu, maana dawa hii hushusha presha ghafla unapoinuka na watu huanguka. Usiendeshe bodaboda mpaka ujue inavyokulewesha. Mkojo ukigoma kutoka, au moyo ukienda mbio na kizunguzungu kikazidi, hayo si ya kuvumilia: rudi hospitali.

Wengine hupewa fluoksetini badala yake. Hiyo humezwa asubuhi, na maudhi yake ni mengine: kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi, usingizi kuruka, hamu ya tendo la ndoa kupungua. Usilinganishe kidonge chako na cha jirani.

3. Wanzuki na gongo weka kando. Pombe na amitriptilini zote hulewesha, na zikikutana usingizi huwa mzito kupita kiasi. Ukiugua malaria, mwambie anayekuandikia mseto kwamba unatumia dawa hii, kwa kuwa zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Taja pia tramado na dawa za kienyeji.

4. Ukipona, endelea kumeza. Yule mama, wiki ya nane, analala, anacheka, amerudi shambani. Anajiona mzima, anaacha. Siku chache baadaye anatokwa jasho, tumbo linachafuka, usingizi unakatika kwa ndoto kali, hana utulivu. Huo ni mwili uliokatiwa dawa ghafla. Sonona inayorudi huja polepole, wiki hadi miezi, na sura yake ni ile ile ya mwanzo. Dalili za kuacha ghafla huja ndani ya siku chache. Haimaanishi umekuwa teja, kwani humezi kwa uchu wala huhitaji kuongeza dozi ili ulewe.

Ushauri wa kawaida ni kuendelea miezi tisa hivi au zaidi baada ya kupona, kisha daktari hupunguza kwa hatua, kwa muda wa wiki nne au zaidi. Aliye kwenye vidonge vitatu anaweza kushushwa viwili, akaangaliwa, ndipo kimoja. Ukisahau usiku mmoja, meza cha usiku unaofuata, usimeze viwili. Na kwa kuwa mvua hukata barabara na treni huchelewa, fuata dawa nyingine zikiwa zimebaki za wiki nzima.

5. Wiki za mwanzo usikae peke yako. Wakati mwingine nguvu za mwili hurudi kabla huzuni haijaondoka, na kwa vijana hasa, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Mwingine huchangamka kupita kiasi, halali siku kadhaa wala hachoki, anagawa mali. Yote mawili ni ya kumfikisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Amitriptilini nyingi kwa mpigo huua kwa kuvuruga moyo, mtoto hata kwa vidonge vichache. Mpe mume, dada au mkwe unayemwamini azifungie sandukuni, akupe cha usiku huo tu.