Taya Linalochoka na Jicho Lililo Hatarini

Chukua mfano wa bibi wa miaka 74 aishiye Nyasubi, mjini Kahama. Kwa majuma matatu ameumwa kichwa upande wa panja, kwa namna asiyopata kuijua maishani mwake. Hata kufunga kitambaa kichwani humtonesha. Akila matobolwa, taya halimwumi mwanzoni. Huanza kuuma akiisha kutafuna kwa muda, na akipumzika maumivu hutulia. Watu wa nyumbani hudhani ni jino.

Lakini jino bovu huuma mara linapong'ata, au linapoguswa na kitu cha baridi. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa mapumziko ni ya msuli uliokosa damu ya kutosha. Msuli unaotafuna huhitaji damu nyingi kuliko msuli uliotulia. Ateri ikiwa nyembamba, mahitaji hayo hayatimizwi.

Kinachoipunguza njia hiyo ni mchochota wa ateri. Chembe za kinga ya mwili huingia katika ukuta wa ateri, na baadhi huungana kuwa seli kubwa zenye viini vingi, ambazo ndizo zilizoupa ugonjwa jina lake. Ukuta huvimba, na tundu la damu husongeka. Ugonjwa huwapata watu waliopita miaka 50, hasa waliopita 70, na wanawake kuliko wanaume. Ni nadra kwa Waafrika, kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa.

Hatari kubwa ni jicho. Ateri ndogo zilishazo mwanzo wa neva ya jicho zikiziba, neva hufa, na upofu huweza kuja ghafla pasipo maumivu ya jicho. Kuona kukipotea hivyo, kwa kawaida hakurudi. Na mgonjwa asipotibiwa, jicho la pili laweza kufuata baada ya siku au majuma machache.

Daktari hupima kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu za damu. Mara nyingi huzidi milimita 50 kwa saa. Hata hivyo kipimo hiki peke yake hakitoshi, maana kifua kikuu na upungufu wa damu pia huipandisha kasi hiyo. Uthibitisho hutokana na kipande cha ateri ya panja kinachotazamwa kwa hadubini. Kwa kuwa mchochota huruka sehemu nyingine za ateri, kipande kisichoonyesha kitu hakiondoi shaka yote.

Matibabu hayangoji majibu ya kipande hicho. Prednisoloni, miligramu 40 hadi 60 kwa siku, huanzwa siku ile ile ya kushuku, na dalili za ugonjwa katika ateri hubaki zikionekana kwa siku kadhaa baadaye. Kichwa hupata nafuu kwa siku chache, lakini dawa hupunguzwa polepole, kwa miezi mingi au zaidi ya mwaka, chini ya uangalizi wa daktari: huweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa na kuamsha kifua kikuu kilicholala, jambo la kuangaliwa sana kwa wazee waliofanya kazi migodini.

Zoezi: Eleza kwa nini taya huuma wakati wa kutafuna tu, ilhali neva ya jicho yaweza kufa hata mgonjwa akiwa amelala.