MADA YA 9: KUZUIA SAUTI KATI YA VYUMBA NA KATI YA GHOROFA

Malengo ya somo

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi sauti inavyopita kwenye ukuta;
(b) kueleza kazi ya tungamo na ya nafasi ya hewa katika kuzuia sauti;
(c) kukokotoa hasara inayoletwa na tundu dogo ukutani.

9.1 Sauti inapitaje ukutani?

Umekaa chumbani usiku ukijisomea. Jirani wa chumba cha pili amewasha redio, na unasikia kila neno la mtangazaji. Ukuta kati yenu ni wa matofali ya saruji ya inchi 6, umepigwa lipu pande zote mbili. Kwa nini basi unasikia?

Unakumbuka kwamba sauti ni mtetemo unaosafiri. Mawimbi ya sauti yakigonga ukuta, yanausukuma na kuuvuta mara nyingi kwa sekunde. Ukuta wenyewe hutetemeka, kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halioni. Upande wa pili, ukuta unaotetemeka husukuma hewa ya chumbani kwako, na sauti inazaliwa upya. Ndiyo maana ukuta mzima usio na ufa bado hupitisha sauti kidogo. Lakini penye tundu, hewa ya vyumba viwili imeungana, na sauti hupita moja kwa moja bila kulazimika kuutetemesha ukuta.

Uwezo wa ukuta kuzuia sauti hupimwa kwa desibeli (dB). Kanuni yake ni hii:

```
R = 10 × log(1/T)
```

R ni upungufu wa sauti kwa desibeli, na T ni sehemu ya nishati ya sauti inayofanikiwa kupita. Ikipita sehemu 1 kati ya 10, R ni 10 dB. Ikipita 1 kati ya 100, R ni 20 dB. Ikipita 1 kati ya 100,000, R ni 50 dB. Sikio la binadamu huhisi upungufu wa 10 dB kama sauti iliyopungua kwa takriban nusu.

9.2 Tungamo: ukuta mzito hutetemeka kwa shida

Ukisukuma toroli tupu linaondoka upesi. Lijaze mchanga, kisha lisukume kwa nguvu ileile: linasogea kidogo tu. Ukuta nao uko hivyo. Kadiri tungamo la kila mita ya mraba linavyokuwa kubwa, ndivyo mawimbi ya sauti yanavyoshindwa kuutetemesha.

Ukuta wa tofali gumu la saruji la inchi 6 una takriban kilo 300 kwa kila mita ya mraba, na ukijengwa vizuri huzuia sauti kwa karibu 50 dB. Ubao mmoja wa jipsamu una takriban kilo 10 tu kwa mita ya mraba, na huzuia kwa karibu 30 dB.

Lakini angalia: ukiongeza tungamo mara mbili, unapata nyongeza ya karibu 6 dB tu. Kujenga ukuta wa unene maradufu ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Pia sauti zenye masafa ya chini, yaani mitetemo michache kwa sekunde, huusukuma ukuta kwa muda mrefu zaidi katika kila mtetemo. Kwa hiyo besi ya muziki hupita hata pale ambapo maneno hayasikiki.

9.3 Nafasi ya hewa: kuta mbili zisizoshikana

Njia nyingine ni kugawa ukuta kuwa kuta mbili zenye nafasi ya hewa katikati. Ukuta wa kwanza unapotetemeka, lazima usukume hewa, na hewa ndiyo isukume ukuta wa pili. Sehemu kubwa ya mtetemo hupotea njiani. Ndiyo sababu kuta mbili nyepesi za jipsamu zilizotenganishwa vizuri zinaweza kuzuia sauti kushinda ukuta mmoja wenye tungamo lilelile.

Njia hii ina masharti mawili.

Sharti la kwanza ni upana wa nafasi. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha isukume: hewa iliyobanwa inarudisha mkono wako kama springi. Hewa iliyo kati ya kuta mbili nayo ni springi. Nafasi ikiwa finyu, springi inakuwa ngumu, na kuna masafa fulani ambapo kuta zote mbili hucheza kwa pamoja na kupitisha sauti kwa urahisi. Kwa mbao mbili za kilo 10 kwa mita ya mraba, nafasi ya sentimita 1 hulileta tatizo hilo karibu na hezi 270, katikati kabisa ya sauti ya mtu anayeongea. Nafasi ya sentimita 7.5 hulishusha hadi karibu na hezi 100, chini ya sauti nyingi za maongezi. Ukijaza nafasi hiyo pamba ya kuzuia sauti, hewa inayokwenda na kurudi hupoteza nishati ndani ya nyuzi zake.

Sharti la pili ni kutoshikana. Gongo moja la mbao lililopigiliwa misumari pande zote mbili, au udongo wa saruji ulioangukia katikati wakati wa kujenga, ni daraja. Mtetemo utavuka hapo bila kupitia hewa.

9.4 Tundu la soketi: mfano uliofanyiwa kazi

Sasa turudi kwa redio ya jirani. Ukichunguza ukuta, utaona soketi ya umeme upande wako. Upande wa jirani kuna soketi nyingine, mahali palepale. Fundi alitoboa ukuta mara moja, akaweka visanduku viwili vikitazamana migongo, akafunika kwa vifuniko vya plastiki. Pembeni mwa visanduku pamebaki upenyo wa milimita 2 ambao haukuzibwa.

*Swali.* Ukuta una eneo la mita za mraba 10 na R yake ni 50 dB. Upenyo wa milimita 2 unazunguka kisanduku chenye jumla ya pande za sentimita 30, na umetokea hadi upande wa pili. Tafuta R ya ukuta pamoja na upenyo.

*Hatua ya 1.* Eneo la ukuta kwa sentimita za mraba: 10 × 10,000 = 100,000.

*Hatua ya 2.* R ya 50 dB ina maana kwamba ukuta hupitisha sehemu 1 kati ya 100,000 ya nishati. Kwa hiyo ukuta mzima unapitisha sauti sawa na tundu wazi la 100,000 ÷ 100,000 = sentimita 1 ya mraba. Tundu hilo ni dogo kama ukucha wa kidole!

*Hatua ya 3.* Eneo la upenyo: 30 × 0.2 = sentimita 6 za mraba. Tuchukulie kuwa upenyo unapitisha sauti yote inayoufikia.

*Hatua ya 4.* Jumla: 1 + 6 = 7. Hivyo T = 7/100,000.

*Hatua ya 5.*

```
R = 10 × log(100,000/7) = 41.5 dB
```

Ukuta umepoteza 8.5 dB. Nishati inayofika chumbani kwako imekuwa mara 7 ya ile ambayo ingefika kama upenyo usingekuwapo. Redio ya 80 dB sasa inakufikia kwa takriban 38 dB badala ya 30 dB. Usiku ukiwa umetulia, tofauti hiyo inatosha kuyafanya maneno yaeleweke.

Je, tukiufanya ukuta kuwa mnene maradufu bila kuziba upenyo? R ya ukuta peke yake itapanda hadi 56 dB, yaani utapitisha robo ya nishati ya awali, sawa na tundu la sentimita 0.25 za mraba. Jumla itakuwa 0.25 + 6 = 6.25, na R = 10 × log(100,000/6.25) = 42 dB. Matofali mara mbili yameleta nusu desibeli! Kuziba upenyo kungerudisha 8.5 dB zote kwa koleo moja la saruji.

Kumbuka: Kadiri ukuta unavyokuwa bora, ndivyo tundu dogo linavyouharibu zaidi. Hesabu hii ni makadirio, kwa kuwa upenyo mwembamba hupitisha baadhi ya masafa zaidi na mengine pungufu.

9.5 Kutambua na kurekebisha

Usiku, zima taa chumbani kwako wakati ya jirani inawaka. Ukiona mwanga pembeni mwa soketi, sauti nayo inapita. Upenyo wenye kona hauonyeshi mwanga, kwa hiyo sogeza sikio karibu na soketi, kisha lilinganishe na sehemu tupu ya ukuta. Usiingize kitu chochote ndani ya soketi.

Marekebisho afanye fundi umeme baada ya kuzima swichi kuu. Tundu lijazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga nyuma na pembeni ya kisanduku, na midomo ya mabomba ya nyaya izibwe. Povu jepesi halifai kwa kazi hiyo, maana halina tungamo. Katika nyumba mpya, soketi za vyumba viwili zisitazamane. Ziachane kwa mlalo.

Angalia pia juu. Nyumba nyingi zina kuta zinazoishia kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja wa paa. Hapo sauti hupanda, huvuka na kushuka kupitia dari nyepesi, na kuziba soketi peke yake hakutatosha.

9.6 Kati ya ghorofa

Slabu ya zege ya sentimita 15 ina takriban kilo 360 kwa mita ya mraba, na huzuia maongezi vizuri. Lakini mtu wa juu akitwanga kwenye kinu, mchi unapeleka mtetemo ndani ya zege moja kwa moja. Dawa ni kuupunguza mshtuko kabla haujaingia: weka tabaka laini la mpira au zulia nene chini ya kinu.

Kosa la kawaida katika majibu

Wanafunzi wengi huandika kwamba trei za mayai au godoro ukutani "huzuia sauti isipite". Vitu hivyo ni vyepesi. Vinaweza kupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini sauti inayokwenda kwa jirani hupungua kidogo sana.

Maswali ya kujipima

1. Ukuta wa mita za mraba 12 una R ya 40 dB. Umetobolewa tundu la sentimita 12 za mraba. Tafuta R mpya.
2. Kwa nini tundu hilo limeleta hasara ndogo kuliko upenyo wa mfano wetu, ingawa ni kubwa zaidi?
3. Fundi amejenga kuta mbili zenye nafasi ya hewa, lakini sauti bado inapita sana. Taja sababu mbili zinazowezekana.

Majibu

1. Ukuta ni sawa na tundu la 120,000 ÷ 10,000 = 12. Jumla ni 24. R = 10 × log(120,000/24) = 37 dB.
2. Ukuta huu ulikuwa tayari unapitisha sauti nyingi, sawa na tundu la sentimita 12 za mraba. Tundu jipya limeongeza nishati mara 2 tu, wakati upenyo wa mfano uliiongeza mara 7.
3. Nafasi ya hewa ni finyu mno. Kuta zimeunganishwa na mbao, misumari au saruji iliyoanguka katikati. Jibu la matundu ya soketi yasiyozibwa nalo linakubalika.