Sehemu Yangu na Sehemu Yenu: Mzigo wa Mwenzetu Aliyefiwa

Muhula uliopita niliongoza kundi la wanafunzi watano. Kazi yetu ilikuwa kuwahoji walimu 30 wa madrasa, nusu yao Gitega na nusu Muyinga, kuhusu namna wanavyowafundisha herufi za Kiarabu watoto wanaozungumza Kirundi nyumbani. Kila mmoja wetu alipewa walimu 6, na muda ulikuwa wiki 8. Ukijumlisha safari, kikao chenyewe na kuandika maneno yaliyorekodiwa, mwalimu mmoja alikula siku nzima.

Mmoja wetu ni mtu wa Muyinga, na tulimtegemea kwa sababu walimu wa kule wanaifahamu familia yake. Wiki ya 2 baba yake akafariki. Tulichanga, tukaenda kutoa rambirambi, tukaomba dua. Baada ya hapo alirudi kwenye kazi, lakini kwa jina tu. Kila tulipomwuliza amefika wapi alijibu "inshallah". Hakuuliza swali hata moja kuhusu kazi, na mtu anayefanya kazi kweli huwa na maswali. Wiki ya 4 alituma mahojiano 3 bila sauti zilizorekodiwa. Nilipoyasoma, walimu watatu wa madrasa tatu tofauti walikuwa wamejibu karibu kwa maneno yaleyale.

Hapo nilifanya kosa ambalo nililiita stara. Niliwaambia wengine kwamba kazi yake imefika na ninaipanga. Usiku nikawa nawapigia simu walimu wa Muyinga mimi mwenyewe na kuandika kwa niaba yake. Wiki mbili zikapita hivyo. Kazi yangu ikachelewa, na dada aliyepewa jukumu la kukusanya karatasi zote akawa anamsubiri mtu ambaye hakujua kwamba ni mimi. Siku moja aliuliza mbele ya wote kwa nini yeye ndiye anayekaripiwa na msimamizi kwa uchelewaji usio wake. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemhurumia mtu mmoja kwa muda wa watu wengine watatu, na sikuwauliza.

Nililipeleka jambo hili kwa ustadhi wetu wa sira. Hakunipa nasaha, alinitajia kisa cha Hawazin, akaniambia nikakisome upya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya vita vya Hunayn, mateka na mali za Hawazin zilikuwa mikononi mwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) alingoja zaidi ya siku kumi bila kugawa, huenda wakaja. Walipokuja wakiwa wamesilimu, mateka walikuwa wamekwisha gawanywa. Akawapa hiari kati ya watu wao na mali zao, wakachagua watu. Alikuwa na uwezo wa kuamuru warudishwe wote siku ileile. Badala yake alianza na kile kilichokuwa chake: akasema sehemu yake na ya ukoo wa Abdul Muttalib ni yao. Kisha akawageukia watu. Anayetaka kutoa sehemu yake kwa moyo safi, atoe. Anayetaka kubaki na haki yake, atoe sasa, naye atalipwa katika ngawira ya kwanza itakayopatikana.

Watu wakapaza sauti kwamba wameridhia. Mimi ningeishia hapo. Yeye hakuukubali mpayuko wa umati. Aliwaambia kwamba hajui nani ameridhia na nani hajaridhia, warudi, na viongozi wao wadogo wazungumze na kila mtu kisha walete habari. Wakaenda, wakarudi, na ndipo mateka wakaachiwa.

Nilisoma hapo nikaona nilichoruka. Muda wangu nilikuwa na haki ya kuutoa. Muda wa wenzangu haukuwa wangu. Tena, kama ningeuliza katika kundi letu la wasapu, "Tumsaidie ndugu yetu?", wote wangejibu "ndiyo" kwa sababu hakuna anayethubutu kukataa mbele ya watu habari ya mfiwa.

Lakini kwanza ilibidi nijue ukubwa wa shida. Nilipanda basi kwenda Muyinga kupitia Karuzi, baada ya kungoja nusu siku kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Alinieleza kwamba baba zake wadogo wanadai shamba la marehemu, na kwamba bashingantahe, wazee wa usuluhishi wa kilima chao, wanaita vikao kila baada ya siku chache. Yeye ni mtoto wa kwanza wa kiume. Asipofika, mama yake na wadogo zake wanabaki bila msemaji. Sisi tulikuwa tumempa pole kana kwamba msiba ungeisha baada ya wiki moja. Hakuna aliyemwuliza utaendelea mpaka lini.

Nilimwonyesha zile karatasi 3. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema aliyatunga kwa sababu aliona haya kusema hawezi. Nilimwambia hayataingia kwenye ripoti, akakubali. Nikamwuliza ni maneno gani niwaambie wenzetu. Akasema: semeni nina vikao vya mirathi, msitaje jina la mtu yeyote wa nyumbani. Nikashika hilo.

Tuliporudi kwenye hesabu, walimu wake wote 6 walikuwa bado, ukiondoa 2 niliokuwa nimewahoji usiku kwa simu. Msimamizi, baada ya kuelezwa ukweli, alikubali tupunguze jumla kutoka 30 hadi 28. Wakabaki 2. Hapo nilimwendea kila mmoja peke yake. Wawili walisema wangechukua mmoja mmoja bila masharti. Yule dada alisema waziwazi kwamba yeye hana nafasi, ana mtihani, na tayari alipoteza saa nyingi kwa ajili ya uongo wangu. Nilimwomba msamaha. Akasema yuko tayari kubaki na kazi ya kukusanya, ila alipwe: baada ya vikao, ndugu yetu amwandikie sauti za mahojiano yake mawili. Yaani alichagua njia ya pili katika kisa cha Hawazin, na ni haki yake kama ile ya kwanza.

Ndugu yetu naye hatukumwacha bila kazi. Kazi nyepesi ya mezani Gitega isingemfaa, kwa kuwa hakuwa Gitega. Tulimpa kuwapigia simu walimu wa Muyinga waliobaki na kututambulisha. Kila simu ni dakika kumi, na hakuna mwingine ambaye angefunguliwa mlango upesi hivyo. Tukawekeana Alhamisi baada ya Isha kuangalia upya kama hata hilo linamshinda.

Mmoja aliuliza kama jina lake liandikwe sawa na yetu. Nilikumbuka Badr, mwaka wa 2 Hijria. Jeshi lilikuwa dogo, watu mia tatu na kitu, na hata hivyo Mtume alimwambia Uthman abaki Madina kumuuguza Ruqayya, mkewe, akampa sehemu na ujira kama aliyehudhuria. Lakini Uthman aliagizwa kubaki, na kila mtu alijua. Ndugu yetu alikuwa na udhuru kama huo tangu wiki ya 2, ila hakuna aliyempa ruhusa kwa kauli, na mimi ndiye niliyepaswa kuitoa. Jina liliandikwa, na mbele yake kazi aliyofanya.

Vikao vya shamba havijaisha mpaka ninapoandika haya. Sauti mbili za dada alizituma zikiwa zimeandikwa zote, siku 9 baada ya mtihani wake.