Shangazi, benki imenipa 1.09

*Shangazi, nina banda la kuoka skonzi na mikate hapa Makorora, Tanga, mwaka wa sita sasa. Nauzia maduka ya mtaani na kantini za shule nne. Tanuri langu ni la kuni, limechoka, na vijana wangu wawili wanakanda unga kwa mikono tangu saa tisa usiku. Nimeomba mkopo benki, milioni 12 kwa miezi 24, ninunue oveni ya gesi na mashine ya kukandia, mauzo yaongezeke mara mbili. Rejesho ni 617,000 kwa mwezi.*

*Mwezi wa Mei niliuza 6,600,000. Nikatoa unga na vitu vyake, kuni, vijana, pango, umeme na usafiri, nikabaki na 1,670,000. Hiyo inalipa rejesho mara mbili na chenji nzuri. Lakini afisa mikopo amenirudisha, eti uwiano wangu ni 1.09 na wao wanataka 1.25. Ameniwekea mpaka hela ya nyumbani 400,000, wakati ada na kodi ya nyumba analipa baba watoto. Nahisi anataka chai. Kuna kampuni nyingine iko tayari kunipa milioni 12 wiki hii hii, nalipa 328,000 kwa wiki, mwaka mmoja namaliza. Nichukue? Nimekutumia picha za daftari langu, Januari hadi Juni, na za masharti ya hiyo kampuni.*

*Mama Skonzi, Tanga*

Mwanangu, daftari nimelisoma lote, pamoja na ukurasa wa Juni uliomwagikiwa mafuta. Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa ile meza ya mikopo, na siwezi kukuapia nia ya mtu nisiyemjua. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nimepiga hesabu kwa daftari lako mwenyewe, nami nikafika palepale alipofika yeye, 1.09. Kama anataka chai, basi hajaitafuta kwenye hesabu.

Uwiano wenyewe si mgumu. Unachukua pesa inayobaki kwa mwezi baada ya kila kitu, unaigawanya kwa marejesho yote unayodaiwa mwezi huo. Ukipata 1, kila shilingi inayobaki inakwenda kwenye deni. Ukipata chini ya 1, deni limeizidi biashara. Benki inayotaka 1.25 inataka kwa kila shilingi 100 ya rejesho uwe na 125, ili zile 25 zikae kama kifuta machozi siku mambo yakiharibika. Ugomvi wenu hauko kwenye kugawanya. Uko kwenye nini kiingie juu na nini kiingie chini.

Tuanze na Mei. Mei ndiyo mwezi wako bora kuliko yote sita, ndiyo maana ulikuja kichwani. Januari umeuza 5,900,000, Februari 6,400,000, Machi 6,500,000, Aprili 6,100,000, Mei 6,600,000, na Juni, shule zilipofunga, 4,500,000. Jumla milioni 36, wastani milioni 6 kwa mwezi. Unga, sukari, mafuta na hamira vinakula shilingi 55 katika kila 100 unayouza, kwa hiyo kwa mwezi wa wastani ni 3,300,000. Kuni, vijana, pango, umeme na maji, pamoja na bodaboda anayesambaza, ni 1,300,000. Unabaki na 1,400,000. Mpaka hapo bado tunaelewana.

Kisha kuna TRA. Kwenye hesabu yako hayumo, na najua sababu: unamlipa kwa awamu nne kwa mwaka, kwa hiyo mwezi usio na awamu unamsahau. Risiti ulizobandika nyuma ya daftari, pamoja na leseni, ukizigawanya kwa mwezi zinafika kama 200,000. Tunashuka hadi 1,200,000.

Sasa hiyo hela ya nyumbani iliyokuudhi. Mwanangu, hukumwambia wewe, daftari ndilo lililomwambia. Pembeni mwa kila ukurasa umeandika neno "droo" na tarakimu. "Droo 15,000 mboga." "Droo 60,000 msiba Ngamiani." "Droo 8,000 dawa ya mtoto." Nimezijumlisha zote za miezi sita, zikatoka 2,400,000. Ukigawanya kwa sita unapata 400,000 kamili. Baba watoto analipa ada na pango la nyumba, sawa, lakini skonzi ndizo zinazonunua samaki. Benki haikukatazi kula. Inajua tu kwamba utakula kabla ya kulipa, na ingekuwa ajabu ukifanya kinyume. Zimebaki 800,000.

Hiyo ndiyo tarakimu ya juu. Ya chini nayo uliikata. Umeniandikia rejesho la 617,000, ila kwenye ukurasa wa mwisho kuna VICOBA, 120,000 kila mwezi, mwisho Oktoba. Deni ni deni, hata kama mkopeshaji ni jirani yako. Kwa hiyo chini ni 737,000. Gawanya 800,000 kwa 737,000, ndiyo hiyo 1.09. Ile 2.7 uliyokuwa nayo moyoni ilitoka kwenye mwezi bora, bila TRA, bila droo, bila VICOBA.

Lakini hata hiyo 1.09 inaficha jambo moja linalonitisha zaidi yake, nalo ni Juni. Wastani ni blanketi, unafunika. Ulipouza 4,500,000, malighafi zilikula 2,475,000, gharama zile nyingine zikakaa palepale 1,300,000 kwa sababu vijana hawalipwi nusu eti shule zimefunga. Toa TRA, toa droo, mwezi ule ulibakiwa na 125,000. Rejesho la benki peke yake ni 617,000. Mwezi huo ungelipa kwa nini? Nilipokuwa afisa mikopo nilimpitishia mama lishe mmoja kwa hesabu za Desemba, msimu wa wageni, nikajiona nimemsaidia. Kufika Aprili, mvua zikimwagika na meza zake tupu, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumdai. Tangu siku hiyo naangalia mwezi mbovu kwanza.

Kuhusu ile kampuni ya wiki, jibu langu ni usichukue, na sababu ni hii. 328,000 inasikika ndogo kwa sababu kichwani unaizidisha kwa nne, unapata kama 1,310,000. Mwaka hauna wiki 48, una 52. Milioni 12 kwa masharti uliyonitumia inakatwa riba ya asilimia 3.5 kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata ukibakiza milioni moja. Riba ya mwaka inafika 5,040,000, unarudisha 17,040,000, ambayo kwa mwezi ni 1,420,000. Ongeza VICOBA, uwiano wako unakuwa 0.52. Yaani kwa wastani, kila mwezi karibu nusu ya rejesho haipo. Itatoka kwenye mtaji wa unga, kisha kwa kausha damu mwingine wa kumlipa huyu. Wanakupa haraka kwa sababu hawajaufungua ukurasa wa Juni, wala hawahitaji, watashika hati ya vyombo vyako.

Sasa oveni utaipataje? Nimejaribu njia tatu. Ukipunguza mkopo hadi milioni 10 kwa miezi ile ile 24, kwa riba ya benki ya asilimia 1.75 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, rejesho linakuwa kama 514,000. Pamoja na VICOBA uwiano ni 1.26. Umepita, lakini mashine ya kukandia itabidi isubiri. Ukibaki na milioni 12 na kurefusha hadi miezi 30, rejesho ni kama 518,000 na uwiano ni 1.25, ila utalipa riba zaidi kwa takriban 730,000. Hiyo ni bei ya kurefusha, uijue kabla hujaitikia.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, nayo haina gharama. VICOBA inaisha Oktoba. Ikiisha, chini inabaki 617,000 peke yake, na 800,000 kwa 617,000 ni karibu 1.3. Mkopo ule ule, benki ile ile, afisa yule yule. Usiombe Novemba lakini, maana Desemba shule zinafunga tena na rejesho la kwanza litakukuta mikono mitupu. Omba Januari, uanze kulipa mwisho wa Februari.

Na Juni ya mwakani? Mwezi wa kawaida, shule zikiwa wazi, utabakiwa na kama 318,000 baada ya rejesho. Pengo la Juni litakuwa 492,000. Weka 100,000 kila mwezi kuanzia Januari hadi Mei, kwenye laini ya simu ambayo vijana na droo haviifikii, pengo limezibika. Julai uanze tena kwa ajili ya Desemba. Muulize pia afisa kama ratiba inaweza kuwekwa nyepesi Juni na Desemba, nzito kidogo miezi mingine. Wapo wanaokubali, hasa kwa wenye daftari kama lako.

Umeniandikia pia kwamba oveni itakuongezea mauzo mara mbili. Huenda. Afisa hakuyahesabu, na mimi sijayahesabu, kwa sababu skonzi isiyo na mnunuzi ni chakula cha kuku. Tumia miezi hii kuongea na kantini mbili zaidi, zikuandikie barua ya oda, idadi na bei. Barua hiyo iende na maombi ya Januari. Na ulizia mtungi mkubwa wa gesi utakuchukua siku ngapi, maana kuni zitatoka na gesi itaingia, na hakuna aliyekuhakikishia itakuwa nafuu.

Jambo la mwisho, ili usije ukalala fofofo kwa hiyo 1.3. Juu ya rejesho utabakiza wastani wa 183,000 kwa mwezi. Katika kila 100 ya mauzo, baada ya unga unabaki na 45. Kwa hiyo mauzo yakishuka kwa kama 407,000 kwa mwezi, hizo 183,000 zimekwisha. Kwa siku 26 za kuoka na bei yako ya jumla ya 200, hizo ni kama skonzi 78 kwa siku. Sijui kantini yako kubwa inachukua ngapi. Wewe unajua, ihesabu kesho asubuhi bodaboda anapopakia.