Kiporo cha wali: kilicholala nje kisiliwe

Upande wa tambarare wa Gikundamvura, mpunga hulimwa hadi karibu na milango ya nyumba, na wali hupikwa sufuria nzima. Jioni watu wanakula, unaobaki unafunikwa jikoni, na asubuhi unakaangwa kwa kitunguu kabla ya kwenda shambani. Je, wali huo ni salama? Mara nyingi mlaji hapati lolote. Lakini wali uliolala nje unaweza kuwa na sumu, na hakuna njia ya kuijua kwa macho, pua wala ulimi.

Kijidudu kinachohusika kinaitwa Bacillus cereus, na makao yake ni udongoni. Kutoka matopeni hupanda na mpunga, hupita kinuni, na hufika jikoni pamoja na mchele. Kinapokosa mazingira mazuri hujifungia ndani ya spora, ambayo ina ganda gumu kama mbegu inayosubiri mvua. Kuosha mchele hupunguza spora lakini hakuzimalizi, na baadhi yake hustahimili hata maji yanayochemka. Kwa hiyo wali ulioiva vizuri kabisa bado unaweza kuwa na spora chache, na mtu akiula ungali moto hapati madhara.

Shida huanza wali unapopoa polepole. Ukishuka chini ya nyuzi 60 za joto, spora huamka na kuanza kuzaana. Karibu nyuzi 30, idadi inaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Tuseme saa tatu usiku kila gramu ya wali ina vijidudu 10 tu vilivyoamka. Kufikia saa kumi na moja alfajiri vitakuwa vimeongezeka maradufu mara kumi na sita, na hesabu inapita laki sita kwa gramu. Kwa kawaida wataalamu huanza kuwa na wasiwasi kwenye laki moja. Sufuria kubwa yenye kifuniko huhifadhi uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, na tambarare hii yetu ya Bugarama ni ya chini kuliko sehemu nyingine za Rwanda, hivyo hata usiku wake hauna baridi ya milimani.

Wengi husema, "Lakini mimi naupasha moto sana." Tukio la London mwaka 1971 linajibu hoja hiyo. Watu walitapika baada ya kula wali wa kukaanga kutoka mikahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi na kuuacha nje usiku ili maji yachujike. Hawakupenda kuuweka kwenye friji kwa sababu hushikamana, na kesho yake waliukaanga haraka kwa mayai. Vijidudu vinapozaana huacha sumu ndani ya wali. Moto unaweza kuua vijidudu vyenyewe, lakini sumu ya kutapisha haiharibiki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Kiporo chetu cha asubuhi kinapita njia hiyohiyo.

Anayekula sumu hiyo hutapika kati ya nusu saa na saa sita baadaye. Kuna aina nyingine ya ugonjwa huu, ya tumbo kukata na kuharisha, ambayo huanza baada ya saa sita hadi kumi na tano. Zote mbili kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Homa si dalili yake ya kawaida, kwa hiyo mtu akitapika huku mwili unachemka, msisingizie kiporo: akapimwe malaria.

Kinga bora kwa nyumba isiyo na friji ni kupika unaotosha mlo mmoja. Kama kuna atakayechelewa kurudi, acha sufuria juu ya makaa, wali uendelee kutoa mvuke mpaka ale. Kuitia sufuria kwenye beseni la maji baridi husaidia kupoza, lakini maji hayo hayawezi kuuhifadhi wali mpaka asubuhi. Mwenye friji autandaze kwenye sinia, tabaka jembamba, upoe haraka, kisha auweke ndani kabla saa moja haijapita. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu hadi ufuke mvuke. Na usichanganye wali wa jana na wa leo, kwani utaharibu wote.

Najua kumwaga chakula kunauma, hasa wali wa mpunga ulioulima mwenyewe. Lakini uliolala nje usiku kucha umwagwe, hata kama unanukia vizuri.

Anayetapika au kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kidogokidogo, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto akilegea, macho yakidumbukia, akikosa mkojo, au akitapika kila anachopewa, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja kuche. Mkifika, mwelezeni muuguzi alikula nini, saa ngapi, na chakula hicho kilipikwa lini.