Namba ya Mkononi Haisemi Mwenye Simu Yuko Wapi

Wengi wetu tuliizoea simu ya mezani. Ukiona 022 unajua ni Dar es Salaam, 024 ni Zanzibar, 028 ni Mwanza na mikoa jirani. Hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu waya wa simu ile ulitoka ukutani ukaenda hadi kituo cha simu cha eneo hilo. Simu haikuweza kuhama bila waya.

Namba za mkononi hazikugawiwa kwa mikoa. Tarakimu za mwanzo, kama 0754 au 0784, zilitolewa kwa watoa huduma. Anayesema "hiyo ni namba ya Mwanza" kwa kutazama 07 anabahatisha tu. Siku hizi hata kampuni huwezi kuitambua kwa uhakika: tangu mwaka 2017 mteja wa Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao na kubaki na namba yake.

Chukua laini iliyosajiliwa Mwanza. Mwenyewe anapanda basi kwenda Dodoma. Njiani simu yake inasikiliza minara, na kila inapoingia eneo jipya inajitambulisha kwa mtandao. Kompyuta ya kampuni inaandika: laini hii sasa inahudumiwa na eneo fulani. Ukimpigia, mtandao hautafuti jibu ndani ya namba. Unaichukua namba, unaangalia kumbukumbu ile, kisha unaita kupitia minara ya eneo husika. Namba ni ufunguo wa kufungulia daftari. Mahali alipo pameandikwa daftarini, na daftari liko kwa kampuni.

Mtu huyo akisafiri hadi Muscat na kuwasha huduma ya kutumia laini nje ya nchi, mtandao wa Oman unaarifu kampuni yake kuwa yuko kwao. Akikupigia, kwa kawaida kwenye kioo chako utaiona +255 ileile. Hiyo +255 inaeleza laini ilitolewa nchi gani, basi.

Programu zinazodai kuonyesha mahali kwa kuandika namba tu kwa kawaida hurudisha nchi na kampuni ya awali, pengine na jina ambalo watu wengine wamelihifadhi kwenye simu zao. Alama inayowekwa kwenye ramani mara nyingi ni katikati ya nchi au mji mkuu. Ukiona doa limetua Dodoma kwa namba tatu tofauti, usifunge safari.

Tapeli pia anaweza kughushi namba inayoonekana kwenye kioo, kwa hiyo hata 022 si ushahidi kuwa mpigaji yuko Dar es Salaam.

Ukiuziwa kiwanja na mtu anayesema yuko Arusha, mwombe akutumie mahali alipo moja kwa moja kwa WhatsApp, au mkutane kwenye kiwanja chenyewe kabla ya kulipa. Ndugu akipotea, au ukitapeliwa, nenda polisi na namba, tarehe na saa ya simu ya mwisho. Wao ndio wenye njia ya kisheria ya kuomba kampuni ifungue lile daftari.