MADA YA 9: KUJARIBU RIPOTI NA FAILI ZINAZOTOLEWA NA PROGRAMU

Baada ya kusoma mada hii utaweza:

(a) kuandaa data za majaribio ambazo jibu lake unalijua kabla ya programu kutoa ripoti;
(b) kutambua hitilafu ya jumla, ya mpangilio wa ukurasa na ya usimbaji wa herufi;
(c) kueleza chanzo cha hitilafu hiyo kutokana na dalili unayoiona.

9.1 Utangulizi

Programu nyingi za ofisini hutoa taarifa zake kwa njia mbili. Ya kwanza ni ripoti ya PDF, ambayo huchapwa na kusainiwa. Ya pili ni faili ya CSV, ambayo hufunguliwa kwenye lahajedwali ili mtu aendelee kupiga hesabu. Taarifa inaweza kuwa sahihi ndani ya programu, lakini ikaharibika wakati wa kutolewa. Kwa hiyo faili inayotoka hujaribiwa peke yake, hata kama sehemu nyingine za programu zimeshapita majaribio.

Katika madaftari ninayosahihisha, mwanafunzi akiulizwa atajaribuje ripoti, huandika: "Nitaifungua nione kama iko sawa." Jibu hilo halipati alama, kwa sababu halisemi "sawa" inalinganishwa na nini. Katika mada hii tutatumia mfano mmoja tu: programu ya shule inayotunza michango ya chakula.

9.2 Kujaribu jumla

Usianze na data halisi za wanafunzi mia nne, kwa maana hutajua jibu sahihi ni lipi. Ingiza wanafunzi wachache wa kubuni, kisha piga hesabu kwa mkono kabla ya kugusa programu. Tazama data hizi:

| Namba | Jina | Kiasi (sh.) |
|---|---|---|
| 0047 | Asha | 45,000 |
| 0051 | Baraka | 12,500 |
| 0063 | Ng’wandu | 30,000 |
| 0078 | Rehema | 0 |
| 0082 | Tumaini | 60,250 |
| 0090 | Zawadi | 8,000 |

Matokeo yanayotarajiwa: mistari 6, jumla sh. 155,750.

Angalia mambo mawili katika data hizi. Kwanza, viasi vyote vinatofautiana. Jumla ikipungua, pengo lenyewe litakuonyesha ni mstari upi uliopotea. Pili, yuko mwanafunzi mmoja ambaye hajalipa chochote. Sababu yake utaiona hivi punde.

Sasa tuseme programu imetoa faili zote mbili, nasi tumepata matokeo haya:

| | Mistari | Jumla |
|---|---|---|
| Tulichotarajia | 6 | 155,750 |
| PDF | 5 | 155,750 |
| Lahajedwali | 6 | 125,750 au 95,500? |

Kabla ya kuendelea, tujaze kisanduku cha mwisho kwa kuangalia faili ya CSV yenyewe:

```
Namba,Jina,Kiasi
0047,Asha,45000
0051,Baraka,12500
0063,Ng’wandu,30000
0078,Rehema,0
0082,Tumaini,60250/=
0090,Zawadi,8000
```

Aliyeingiza malipo ya Tumaini aliandika alama ya shilingi, /=, kama tunavyoandika kwenye risiti. Programu iliikubali na kuipeleka kwenye faili jinsi ilivyo. Lahajedwali haioni namba hapo, inaona maandishi. Fomula `=SUM(C2:C7)` huruka seli zenye maandishi bila kutoa onyo lolote, kwa hiyo jibu lake ni 95,500. Pengo ni 155,750 − 95,500 = 60,250, yaani kiasi cha Tumaini hasa.

Katika orodha fupi utaliona tatizo kwa macho. Katika orodha ndefu tumia fomula mbili:

```
=COUNT(C2:C7)
=COUNTA(C2:C7)
```

Ya kwanza huhesabu seli zenye namba tu, na hapa itatoa 5. Ya pili huhesabu seli zote zisizo tupu, nayo itatoa 6. Majibu hayo mawili yakitofautiana kwenye safu ya fedha, kuna seli ambayo si namba. Dalili nyingine ni kwamba, kwa kawaida, namba hujipanga upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto.

Rudi sasa kwenye PDF. Jumla yake ni sahihi, lakini Rehema hayumo. Programu iliandika ripoti kutoka kwenye orodha ya malipo badala ya orodha ya wanafunzi, na asiye na malipo hakuonekana. Kwa kuwa kiasi chake ni sifuri, kutokuwepo kwake hakukubadili jumla hata kidogo. Mtu anayesoma PDF hiyo ataamini kwamba kila mwanafunzi ameshalipa kitu. Na anayesoma lahajedwali atamuuliza mhasibu zilikokwenda sh. 60,250, ingawa fedha hazijapotea.

> Kumbuka: Hesabu mistari *na* jumla. Jumla sahihi haithibitishi kwamba mistari yote ipo. Vilevile, PDF na lahajedwali kukubaliana si ushahidi wa kutosha, kwa sababu zote mbili zinaweza kutoka kwenye chanzo kimoja chenye kosa. Kipimo ni hesabu yako ya mkono.

9.3 Kujaribu mpangilio

Hitilafu za mpangilio hujificha mahali ukurasa unapoishia. Tuseme ukurasa mmoja wa PDF yetu unabeba mistari 25. Data zenye mistari 10 hazitakuonyesha lolote. Jaribu mara tatu: mistari 25, mistari 26, na bila mstari wowote.

Kwa mistari 25, ukurasa umejaa kabisa. Angalia kama mstari wa jumla umeandikwa juu ya mstari wa 25, au umekatwa chini ya ukurasa. Kwa mistari 26, mstari mmoja unahamia ukurasa wa pili. Vichwa vya safu vinapaswa kurudiwa huko, la sivyo msomaji hatajua namba ile ni malipo au ni deni. Hakikisha pia kwamba jumla ya mwisho inahusu kurasa zote mbili, si ule wa pili peke yake. Bila mstari wowote, ripoti inapaswa kusema kwamba hakuna taarifa. Isikwame wala isitoe karatasi tupu.

Baada ya urefu, jaribu upana. Ingiza kiasi kikubwa kuliko vyote unavyotarajia. Lahajedwali ikikosa nafasi ya kuonyesha namba, huandika `####`. Hiyo si hitilafu ya hesabu: namba bado ipo, na safu ikipanuliwa itaonekana. Hatari kubwa iko kwenye PDF. Namba iliyopangwa upande wa kulia ikizidi nafasi yake, programu yaweza kukata tarakimu za kushoto. Hapo 1,155,750 itachapwa 155,750, namba isiyo na dalili yoyote ya kukatwa. Aliye na karatasi mkononi hana namna ya kujua kwamba milioni moja imebaki nje.

9.4 Kujaribu usimbaji wa herufi

Kompyuta huhifadhi kila herufi kama baiti moja au zaidi. Usimbaji ni kanuni inayosema baiti zipi ni herufi ipi. Faili ikiandikwa kwa kanuni moja na kusomwa kwa nyingine, herufi hubadilika.

Herufi a hadi z zina baiti ileile katika UTF-8 na katika Windows-1252, ndiyo maana jina Asha halitakuonyesha hitilafu hii kamwe. Jina lenye *ng’* litaionyesha, mradi uchague alama inayofaa. Ziko mbili zinazofanana. Alama iliyonyooka (') ni baiti moja, 27 kwa heksadesimali, katika kanuni zote mbili. Alama iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe, katika UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99. Anayesoma kwa Windows-1252 huichukua kila baiti kuwa herufi yake:

| Baiti | E2 | 80 | 99 |
|---|---|---|---|
| Windows-1252 | â | € | ™ |

Hivyo Ng’wandu anakuwa `Ngâ€™wandu`. Ukijaribu kwa alama iliyonyooka, jaribio litapita na hitilafu itabaki. Katika data zako weka alama zote mbili.

Dalili unayoiona hukuambia kosa liko wapi:

- `Ngâ€™wandu`: faili iliandikwa kwa UTF-8 ikasomwa kwa kanuni nyingine. Baiti bado ni nzima. Ifungue upya, ukichagua UTF-8 wakati wa kuingiza data.
- `Ng?wandu`: programu ilipoandika faili haikuweza kuiandika alama hiyo, ikaweka alama ya kuuliza badala yake. Alama ya asili imepotea. Kuchagua UTF-8 hakutairudisha. Programu yenyewe irekebishwe.
- Kisanduku kitupu kwenye PDF: mara nyingi fonti iliyotumika haina umbo la alama hiyo.

> Tahadhari: Ukiona `â€™`, usihifadhi faili hiyo. Ukihifadhi, herufi hizo tatu mbovu zitaandikwa kana kwamba ndilo jina halisi, na faili iliyokuwa nzima itakuwa imeharibika.

9.5 Swali la mfano

*Ripoti ya mauzo ya duka ina jumla sahihi. Eleza kwa nini hilo halitoshi kuthibitisha kwamba ripoti ni sahihi. (Alama 4)*

Jibu: Jumla haibadiliki mstari wenye kiasi sifuri unapokosekana (alama 1), kwa hiyo mistari nayo ihesabiwe (alama 1). Pia makosa mawili yanaweza kufutana, mstari mmoja ukizidi kwa kiasi kilekile ambacho mwingine umepungua (alama 1), kwa hiyo kila mstari ulinganishwe na data iliyoingizwa (alama 1).

Zoezi la 9

1. Fomula `=COUNT(D2:D41)` imetoa 38 na `=COUNTA(D2:D41)` imetoa 40. Eleza maana yake.
2. Faili ya CSV ina namba ya mwanafunzi 0047, lakini lahajedwali inaonyesha 47. Je, programu iliyotoa faili ina kosa? Utathibitishaje?
3. Ukurasa wa PDF unabeba mistari 30. Taja idadi tatu za mistari utakazojaribu, na utaje jambo moja la kuangalia katika kila jaribio.

Majibu

1. Seli zote 40 zina kitu, lakini 2 si namba, na `SUM` itaziruka.
2. Hapana. Lahajedwali imeichukua 0047 kuwa namba ya hesabu na kuondoa sifuri za mbele. Thibitisha kwa kuifungua CSV kwenye programu ya maandishi ya kawaida, sifuri zitaonekana. Wakati wa kuingiza data, safu hiyo ichaguliwe kuwa maandishi.
3. 30: mstari wa jumla usikatwe. 31: vichwa virudiwe ukurasa wa pili. 0: ripoti iseme hakuna taarifa.